Mjomba kanipandishia maksi kwenye tafsiri ya transkripti, nitume au nimwambie?

BARUA

Dada shikamoo. Naomba jina langu lisitoke maana Mtwara hii ni ndogo na watu wanajuana.

Nina miaka 27, naishi Chuno. Mama yangu ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kwa hiyo utoto wangu ulikuwa nusu huku nusu kule, na digrii yangu ya kilimo nimesomea Msumbiji, Nampula, miaka minne, kila kitu kwa Kireno. Nilirudi nyumbani na sasa huu ni mwaka wa pili nafanya kazi na wakulima wa korosho. Nimeona masta moja Ujerumani inayofundishwa kwa Kiingereza, ndiyo hasa ninayoitaka, maombi yanapita uni-assist, ile ofisi ya Ujerumani inayokagua karatasi za waombaji wa nje kwa niaba ya vyuo, na mwisho ni tarehe 15 Julai. Wanataka transkripti ya Kireno pamoja na tafsiri, na wanasema wastani wa kuingilia ni 2.5 kwa kipimo chao cha Kijerumani au bora zaidi.

Transkripti yangu imeandikwa wastani 14 (catorze) valores, juu ya 20. Mi nikipiga kwenye simu napata 14.2. Mjomba wangu, kaka yake mama, anajua Kireno vizuri tu, alifanya kazi Pemba ya Msumbiji miaka mingi, na yeye ndiye kanilipia ada zote. Akasema hatuchomi hela kwa watafsiri, ataifanya mwenyewe. Kaifanya, steshenari wakamchapia, rafiki yake wakili akagonga mhuri. Nilipoisoma nikashtuka. Palipoandikwa "Bom", yaani nzuri, yeye kaweka neno la Kiingereza la "bora kabisa", na chini kaongeza mstari ambao kwenye Kireno haupo kabisa, GPA 3.6. Nilipomuuliza kacheka, kasema "mwanangu, kule Msumbiji 14 ni maksi kubwa, hawa Wazungu hawajui, mimi nimewaelewesha tu."

Rafiki yangu kanifanyia hesabu nyingine, kagawanya 14.2 kwa 20 mara 4, ikatoka 2.84. Anasema hiyo ndiyo haki yangu na ni aibu.

Dada nikikataa karatasi ya mjomba naonekana sina shukrani, na kwetu mjomba ni mjomba. Nikiituma silali. Na nikituma 14 yangu kama ilivyo nahisi nimejinyonga mwenyewe. Nimekuwekea picha za kurasa mbili za Kireno na ile ya mjomba. Nisaidie nifikirie.

Msichana wa Chuno

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Picha nimezipata, nimekaa nazo jana jioni na chai yangu, nikasoma mstari kwa mstari maana hizi karatasi nimezishika miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua za watu. Naomba tuanze na kitu ambacho wewe hukukiandika kwenye barua yako, pengine hukukiona, na mjomba ndo kabisa hakukiona.

Kipimo cha Kijerumani kinakwenda kinyume na cha kwetu. Kule 1.0 ndiyo maksi ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu, ukizidi hapo umefeli. Sasa hebu iangalie tena ile GPA 3.6 ya mjomba kwa jicho la karani wa Berlin. Mjomba alitaka kukupandisha, lakini kwa msomaji wa kule namba hiyo imekaa karibu na mlango wa kutokea. Sisemi karani atadanganyika, ana Kireno chako pembeni na anajua kazi yake, ila utakuwa umempa karatasi yenye namba ambayo haipo kwenye asili, haina kipimo kilichotajwa, na hata ukiisoma vibaya inakuumiza wewe mwenyewe. Na ile 2.84 ya rafiki yako ndo hatari ya aina yake, kwa sababu inafanana kabisa na namba ya Kijerumani wakati si yenyewe. Yeye kaitoa kwenye kipimo cha Kimarekani ambacho kikubwa ndiyo kizuri.

Ndiyo maana watu wa kazi hii wana kanuni moja wanaishika kama imani, kwamba mtafsiri anatafsiri maneno, maksi haibadilishi. Namba 14 inabaki 14. Kubadilisha kwenda kipimo kingine ni kazi ya anayepokea, na kila nchi ina njia yake. Angalia hiyo 14.2 yako inavyochezewa, ukiigeuza asilimia inakuwa 71, na 71 kwenye vyuo vyetu vingi hapa Tanzania ni A, mtu anachinja kuku. Asilimia 71 hiyohiyo shule za Marekani ni C. Maksi ni moja, mwanafunzi ni mmoja, kilichobadilika ni nani kakaa upande wa pili wa meza. Kwa hiyo mjomba hakukosea aliposema Wazungu wanaweza wasiielewe 14, hapo yuko sahihi kabisa, alichokosea ni mahali pa kuwaelewesha.

Sasa tupige hesabu wanayopiga wao, maana nadhani unaogopa kitu ambacho hujakipima. Wajerumani wana fomula wanaiita ya Bavaria iliyorekebishwa. Inachukua maksi ya juu kabisa ya kipimo chako, maksi ya chini kabisa ya kufaulu, na maksi yako. Kwako ni 20, 10 na 14:

```
1 + 3 × (20 − 14) ÷ (20 − 10) = 2.8
```

Ukiweka 14.2 inatoka 2.74, na kawaida wanakata tarakimu za nyuma bila kukuza, inakuwa 2.7. Ili upate 2.5 kamili ungehitaji 15. Nakuambia wazi hivi kwa sababu sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa fomula hiyo hufiki 2.5, si kwa 14 wala kwa 14.2. Lakini angalia pia kwamba haupo mbali, na haupo pale rafiki yako alipokuweka penye aibu. Fomula hii haigawanyi tu kwa 20 kama yeye, inaangalia umepanda kiasi gani juu ya mstari wa kufaulu, na hapo ndipo namba muhimu kuliko zote kwenye maelezo yako ya tafsiri inapoonekana, nayo wala si 14, ni 10. Asiyejua kwamba kufaulu kwenu ni 10 atakisia, na kukisia kwake si lazima kukupendelee. Kwenye karatasi ya mjomba hiyo 10 haipo popote. Nimeitafuta.

Nikuulize kitu kuhusu hiyo 14.2. Umeipata kwa kujumlisha masomo yote na kugawanya kwa idadi yake, sivyo? Je, chuo chako ndivyo kinavyofanya? Vyuo vingine wanazidisha kila somo kwa krediti zake kwanza, ndipo wanagawanya, na hapo tasnifu ya mwisho yenye krediti nyingi inavuta wastani wote upande wake. Halafu kuna suala la desimali, wengi wanaandika namba nzima kwenye cheti na kuiandika kwa maneno, kama walivyokuandikia catorze. Kwa hiyo tofauti ya 14 na 14.2 usiirekebishe kwenye tafsiri, hata kama ni kweli. Iliyopigwa mhuri ni 14. Unachoweza kufanya ni kuandikia ofisi ya taaluma ya chuo uombe barua, wao wanaiita declaração, yenye wastani wenye desimali na jinsi walivyoupata. Inaweza kuja 14.2, inaweza kuja 14.4, inaweza kuja 13.8 pia, hilo nalo lijue kabla hujaomba.

Turudi kwenye karatasi yenyewe maana kuna vitu vitatu vimenifanya nishike kichwa, na hivi mjomba hakuvifanya kwa mapenzi, ni Kireno cha bandarini kukutana na Kireno cha chuo.

Kwanza, kwenye safu ya maelezo una masomo sita yameandikwa "Dispensado". Mjomba kaandika neno la Kiingereza ambalo ukilisoma vibaya maana yake umeondolewa, umefukuzwa darasani. Mdogo wangu, wewe unajua maana yake kuliko mimi, vyuo vingi vya Msumbiji ukipata 14 au zaidi kwenye kazi za muhula unasamehewa mtihani wa mwisho, ndiyo dispensado. Hiyo ni sifa! Hayo ni masomo sita ambayo ulikuwa mzuri mpaka mtihani ukaonekana wa nini, na kwenye tafsiri yanasomeka kama masomo sita uliyopata matatizo. Kapandisha pale pasipopanda na kateremsha pale ulipokuwa juu, bila kujua. Tafsiri yake inatakiwa iseme kusamehewa mtihani, na maelezo ya chini yaseme ni kwa sababu gani na kuanzia maksi ngapi.

Pili, "cadeira". Kweli mtaani ni kiti, lakini chuoni ni somo. Umeandikwa una "kiti kilichochelewa" mwaka wa pili, yaani somo ulilobeba ukalirudia, na hapo pamoja na kuchekesha panaleta swali kwa sababu karani ataona kuna kitu hakieleweki kwenye mwaka wako wa pili na atarudi kwenye Kireno kukichunguza. Somo la kubeba likitafsiriwa sawasawa ni jambo la kawaida, msomaji anapita.

Tatu, jina la digrii. Mjomba kaandika kwamba una "diploma" kwa sababu karatasi yako ya kuhitimu imeandikwa "Diploma" juu kwa herufi kubwa. Kwa Kireno diploma ni ile karatasi, hata ya udaktari ni diploma. Huku kwetu diploma ni stashahada, iko chini ya digrii. Wewe una Licenciatura, ya miaka minne. Watafsiri wazuri hapa hawatafuti neno la Kiingereza linalofanana sauti, wanaacha neno Licenciatura kama lilivyo, halafu kwenye maelezo wanasema ni digrii ya kwanza ya chuo kikuu, miaka minne ya kusoma muda wote, baada ya miaka 12 ya shule, na inaruhusu kuendelea na masta. Hivyo tu. Usiite kwa jina la digrii ya Uingereza, maana ukiita umeshafanya kazi ya kulinganisha, na kulinganisha tumesema si kazi yetu. Hapo msomaji akitaka anaingia kwenye kanzidata ya Wajerumani wenyewe, inaitwa anabin, anaitafuta Licenciatura kwa jina lake.

Sasa hayo maelezo ya chini ndiyo chombo ambacho mjomba alikuwa anakitafuta gizani. Mipaka yake ni hii, tafsiri inakaa peke yake, inafuata asili mstari kwa mstari, mhuri wa duara unaelezwa upo wapi na umeandikwa nini, sahihi isiyosomeka inaandikwa haisomeki, koma ya desimali ya Kireno inakuwa nukta, tarehe mwezi unaandikwa kwa jina ili 05/03 isisomeke mwezi wa tano. Halafu tafsiri inaisha, mtafsiri anaweka sahihi. Chini ya hapo, au ukurasa unaofuata, ndipo yanakuja maelezo, na juu yake inaandikwa wazi kwamba haya ni maelezo ya mtafsiri na si sehemu ya hati. Zikichanganyika, kama ile GPA ilivyochomekwa katikati ya maneno ya chuo, hiyo ndo inaitwa kughushi hata kama moyo ulikuwa safi.

Kwa upande wako mi ningeona yanatosha maelezo ya nusu ukurasa, kwa Kiingereza chepesi, yakisema hivi: alama zinatolewa kwa kipimo cha 0 hadi 20 na zinaitwa valores. Alama ya chini ya kufaulu ni 10. Nyuma ya transkripti chuo kimechapa madaraja yake, 10 hadi 13 ni Suficiente, 14 hadi 16 ni Bom, 17 na 18 ni Muito Bom, 19 na 20 ni Excelente. Mwanafunzi mwenye 14 au zaidi kwenye kazi za muhula anasamehewa mtihani, na masomo hayo yamewekewa neno Dispensado. Wastani umeandikwa na chuo kwa namba nzima, bila desimali. Licenciatura ni digrii ya kwanza ya miaka minne. Basi. Kila sentensi hapo uwe na ukurasa wa kuonyesha imetoka wapi, ama nyuma ya transkripti ama kwenye kanuni za taaluma za chuo, ile regulamento.

Utaniuliza, mbona hatujasema kwamba 14 kule ni maksi kubwa? Hapa ndipo pagumu na hapa namwelewa mjomba wako vizuri sana. Anachosema kinaweza kuwa kweli tupu, vyuo vingi vinavyotumia 0 hadi 20 mwalimu kutoa 18 ni kama kung'oa jino, na mwanafunzi wa 14 anaweza kuwa kwenye watano wa kwanza. Lakini mtafsiri akiandika "14 ni maksi nzuri sana kwetu" hayo ni maneno ya mtu. Wewe unafanya kazi na korosho, unajua mnunuzi haulizi mkulima kama korosho yake ni nzuri, anapasua sampuli anapima kiini. Kiini cha hapa ni mgawanyo wa maksi za darasa lako. Ukipata barua ya kitivo yenye sahihi na mhuri ikisema mwaka ule walihitimu watu kadhaa, wewe ulikuwa wa ngapi, na waliopata 15 na zaidi walikuwa wangapi, hapo 14 yako inajisemea yenyewe. Wazungu wenyewe huko Ulaya wanahimizana vyuo vyao vitoe majedwali ya namna hiyo pamoja na maksi, kwa hiyo si kitu cha ajabu kwao. Lakini swali ninalokuachia, unajua kweli ulikuwa wa ngapi? Au unaamini tu kwa sababu mjomba anaamini? Barua ikija inasema ulikuwa wa 22 kati ya 30 utaituma?

Jambo la mhuri wa wakili nalo tuliweke sawa. Wakili akigonga mhuri anathibitisha nakala ni sawa na asili, au kwamba fulani kaja mbele yake kaapa na kaweka sahihi. Kireno hajasoma. Kwa hiyo ule mhuri haukukingi, na mjomba kaweka jina lake chini ya maneno kwamba tafsiri ni sahihi na kamili, maana yake likitokea la kutokea jina la kwanza ni lake. Hili pengine ndilo neno la kumwambia, kama utaamua kumwambia, kwamba unamlinda yeye. Isitoshe ofisi nyingi za udahili hazipokei tafsiri ya ndugu, na uni-assist wanataka ya mtafsiri aliyeapishwa au ya chuo chenyewe kilichotoa hati. Nasema hivyo kwa sababu kwenye barua yako umeiweka kama vita ya wewe na mjomba, wakati inawezekana hata angeandika kila neno sawasawa karatasi yake isingepita kwa ajili ya undugu tu. Hapo huhitaji hata kumwambia kakosea. Unamsomea sharti.

Njia zilizobaki zote zina uchungu wake. Ukiomba chuo kikupe transkripti ya Kiingereza, hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote, ila unajua mwenyewe mawasiliano na ofisi za kule, imeili inakaa, mtu wa kukufuatilia anahitajika awepo mlangoni, na Julai haisubiri. Unaweza kupata mtafsiri aliyeapishwa wa Msumbiji, wanaitwa tradutor ajuramentado, au wa Ujerumani kwenyewe, orodha yao iko wazi kwenye justiz-dolmetscher.de, wanafanya kazi kwa skani, lakini hela yao inauma na wengi wa kule watakutafsiria kwenda Kijerumani badala ya Kiingereza, ambayo uni-assist inakubalika lakini chuo chako ukiulize. Yeyote utakayempata mpelekee ile nusu ukurasa ya maelezo pamoja na kanuni za chuo, aikague na aiweke kwa jina lake akiridhika. Usimwachie abuni. Na msaidizi wako wa kusoma yale maneno ya Kireno yaliyofifia kwenye picha anaweza kuwa mjomba huyohuyo, macho yake ni mazuri, mi mwenyewe mhuri wa ukurasa wa kwanza nimeshindwa.

Ukituma ya mjomba kama ilivyo, usijidanganye kwamba hatari iko kwenye kukataliwa tu. Asili ya Kireno inaambatana nayo, na Ujerumani wasoma Kireno wapo tele, Ureno na Brazil wanatuma maombi kila mwaka. Wanaweza kukukataa kimya kimya ukabaki unajiuliza. Mbaya zaidi ni wasigundue sasa, wagundue umeshafika, umeshalipa pango, wafute udahili. Lakini pia sitakuficha upande wa pili, ukituma 14 safi kwa masta hii yenye 2.5, unaweza kukatwa na mashine bila mtu kusoma hata mstari mmoja wa maelezo yako mazuri, na utakuwa umeshalipa uni-assist euro 75 za chuo cha kwanza.

Ndiyo maana ningekuomba kabla ya yote ufanye jambo moja dogo, uandike imeili kwa mratibu wa hiyo programu, mistari mitano, uulize ile 2.5 ni ukuta au ni mwongozo. Kwingine ni ukuta, kwingine wanaangalia na nafasi yako darasani na kazi uliyofanya. Ukimwandikia usimtajie GPA yoyote, sema una 14 juu ya 20, kufaulu ni 10. Akikujibu ni ukuta umeokoa euro zako na unaweza kuzielekeza kwenye programu nyingine, zipo zinazoingilia 3.0 na zipo zisizotaja kabisa, chuo cha pili na kuendelea uni-assist ni euro 30 kila kimoja. Na zipo za DAAD, shirika la Wajerumani la ufadhili wa masomo, zinazotaka angalau miaka 2 ya kazi baada ya digrii, hiyo yako na wakulima inakaribia kutimia, pengine mwaka mmoja wa kusubiri si hasara kama unavyouona usiku usipolala. Pengine ni hasara. Wewe ndiye unayejua nyumbani kukoje na umri wa mama ukoje, mimi nakuona kwenye karatasi tu.

Kuhusu mjomba. Umeandika "kwetu mjomba ni mjomba" na mimi ni mtu wa huku, sihitaji kufafanuliwa. Lakini nimejiuliza, mtu aliyelipa ada miaka minne ya kukusomesha, akasoma hiyo transkripti neno kwa neno usiku na miwani yake, anataka nini hasa? Kama anataka uende, yale masomo sita ya dispensado yatamshtua kuliko yalivyonishtua mimi. Anza nayo hayo. Kaa naye na karatasi mbili mezani, mwonyeshe mahali alipokushusha kabla hujamwonyesha mahali alipokupandisha, halafu mwambie Ujerumani 1 ndiyo ya kwanza na 4 ndiyo ya mwisho, umwache yeye mwenyewe aiangalie ile 3.6. Anaweza akacheka, anaweza akanuna wiki nzima, mjomba zangu mimi wangenuna.

Na ile picha ya ukurasa wa pili imekata chini, pale kwenye jina la msajili na mhuri mkavu, ule wa kubonyezwa bila wino. Huo nao unatafsiriwa, na ndipo tarehe ya kutolewa ilipo. Ipige tena mchana karibu na dirisha, karatasi ilale juu ya meza, unitumie niione.